Boti Ni Kidogo

Mwaka ule Warundi walipoanza kumiminika kwa miguu kutoka milimani na kujazana kwenye kipande cha mchanga cha Kagunga, mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, Safina alikuwa hajamaliza hata mwaka mmoja kazini. Ofisi ya shirika lao la misaada ilikuwa Mwanga, mjini Kigoma, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa, na kazi yake ilikuwa kupokea habari kutoka kandokando ya ziwa kwa simu, kuziandika kwa Kiingereza na kuzituma Nairobi kwa barua pepe. Nairobi alikuwako Bi. Kirsten, mama wa Kidenishi aliyekuwa na amri juu ya usafiri wote. Yeye akisema gari liende, linaenda. Akisema boti zisiende, haziendi.

Kiingereza cha Safina hakikuwa kibaya. Alikisoma Ujiji, akakisoma tena chuoni Dar es Salaam, akapata nacho cheti. Aliweza kuzungumza na mgeni yeyote asikwame. Lakini akiandika kwa haraka, mawazo yake yalikuja kwa Kiswahili na vidole vikayageuza neno kwa neno. Aliandika "much people" pale alipotaka kusema watu wengi, aliandika "many luggages", aliandika "water is few". Kwa nini asiandike? Kwa Kiswahili wingi ni wingi, wawe watu wengi au maji mengi. Neno ni lile lile, linavaa tu nguo ya jina lililo mbele yake. Kiingereza kina neno la vitu vinavyohesabika na neno jingine la vitu visivyohesabika, na Safina aliyachanganya kila siku. Hakuna aliyemkosoa, maana Bi. Kirsten alimwelewa. Mtu akikuandikia "much people", amekosea, lakini hakuna njia nyingine ya kumwelewa ila kwamba watu ni wengi.

Jioni moja mdogo wake, Iddi, alimpigia simu kutoka Kagunga. Iddi alikuwa nahodha wa boti moja iliyokodishwa na shirika kuwatoa watu ufukweni na kuwapeleka kwenye meli. Kagunga hakuna gati. Meli inatia nanga mbali kidogo, kwenye kina, na kila mtu, mzima na mgonjwa, anafikishwa kwa boti mpaka chini ya ngazi.

"Dada, hali ni mbaya," Iddi alisema. Nyuma ya sauti yake zilisikika kelele za watoto. "Watu ni wengi, wanazidi kushuka mlimani. Maji ya kunywa kidogo. Watu wanaharisha, wanasema ni kipindupindu. Na boti ni kidogo. Leo tulibaki tatu tu. Kesho meli ikija, watu hawatangoja."

"Nawaandikia sasa hivi," Safina alisema. "Usijali."

Akaandika. Aliandika haraka kwa sababu umeme ulikuwa unakatika-katika na alitaka habari ifike kabla kompyuta haijazimika. Watu wengi, akaandika "much people". Maji kidogo, akaandika "few water". Na mdogo wake alivyosema kwamba boti ni kidogo, akaandika: "For carrying people to the ship we have little boats." Akabonyeza, ikaenda. Akafunga ofisi, akapanda bodaboda kurudi Ujiji kwa mama yake, akala, akalala kama mtu aliyetimiza wajibu.

Asubuhi alifika ofisini, akachemsha chai, akafungua kompyuta. Jibu la Bi. Kirsten lilikuwa limekwishaingia tangu mapema. Lilianza kwa shukrani, na Safina akafurahi. Mama yule alisema amepata mtu wa kuleta maji na dawa, vinaondoka na meli hiyo hiyo alfajiri. Kisha akaandika kwamba amefarijika sana kusikia Kagunga kuna "little boats", maana ufukwe ule hautaki boti kubwa, zingekwama kwenye mchanga. Kwa hiyo boti nane zilizokuwa zinangoja kwenye ufukwe wa Kibirizi, karibu na mji, alimalizia, amekwisha kumwagiza Telesphory, mtu wa usafiri, aziachilie. Zinahitajika kusini.

Safina alisoma mstari ule, akausoma tena. Chai ilikuwa mkononi, hakuinywa.

Ndipo alipofungua barua yake mwenyewe ya jana na kuitazama kama vile imeandikwa na mtu mwingine. "Little boats." Boti ndogo. Hakuwa amesema boti ni chache. Alikuwa amesema boti ni ndogo! Neno lile ukiliweka mbele ya maji, linapunguza maji. Ukiliweka mbele ya boti, kitu kinachohesabika, linaacha kupunguza idadi na kuanza kupunguza ukubwa. Makosa yake mengine yote yalimfanya aonekane hajui Kiingereza. Hili halikuonyesha kosa lolote. Lilikuwa sentensi safi kabisa, iliyonyooka, yenye maana nzuri, ila maana ile haikuwa yake.

Meli ilikuwa imeondoka Kigoma alfajiri. Adhuhuri ingekuwa Kagunga, na ingezikuta boti tatu.

Akaketi, akaandika upesi. Aliomba radhi, akasema alitumia neno lisilo sahihi. Akakumbuka kwamba neno la vitu vinavyohesabika ni "few", akalishika kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Lakini "few" peke yake ilimwonekea kavu, kama sentensi imekatwa mguu, naye siku zote alisikia watu wakisema "a few". Akaandika: "I mean we have a few boats." Akatuma, akangoja, macho kwenye kioo, mikono imebana magoti.

Jibu lilikuja baada ya muda mfupi. "A few is fine. Well done, Safina. Going into a meeting now." Zinatosha, safi sana, naingia kikaoni.

Wakati huo huo mhasibu wa ofisi, Esther, mwanamke wa Mwandiga aliyesomeshwa na masista tangu mdogo, aliingia na mkoba wake, akamkuta Safina amesimama katikati ya chumba, kashika kichwa.

"Una nini wewe? Kuna msiba?"

"Dada Esther, njoo usome. Nimemwambia boti ni chache, ananijibu ni sawa. Kwa nini anasema ni sawa?"

Esther aliinama, akasoma kuanzia barua ya kwanza hadi ya mwisho, midomo ikicheza.

"Safina mdogo wangu, umeweka 'a'," alisema. "Ukiandika 'few boats', unalalamika, unamwambia hazitoshi. Ukiandika 'a few boats', unamwambia zipo kadhaa, mnajimudu. Na hata kwa maji ni hivyo hivyo. 'Little water', tunakufa kwa kiu. 'A little water', tunayo ya kunawa uso."

"Kwa herufi moja?"

"Kwa herufi moja."

Mara ya kwanza Safina alikosea asijue. Mara ya pili alikuwa anajua kwamba amekosa, akakaa makusudi kurekebisha, na bado akawa amempa yule mama sababu ya pili ya kuwa na amani. Aliogopa kuigusa ile kompyuta. Ilikuwa kama kila neno atakaloandika litageuka likifika huko.

"Niandikie wewe," alisema. "Mimi siandiki tena."

"Andika wewe, mimi nakaa hapa. Wewe ndiye unayejua kinachotokea huko. Acha hizo 'few' na 'little', zitakuchezea. Andika 'not enough'. Hiyo haichagui. Boti hazitoshi, 'not enough boats'. Maji hayatoshi, 'not enough water'. Na idadi uiweke wazi."

Safina alikosea hata herufi za jina lake. Aliandika kwamba Kagunga kuna boti tatu, tatu peke yake, hazitoshi, kwamba watu ni maelfu, kwamba boti za Kibirizi zisiachiliwe. Kila sentensi fupi. Esther alisoma, akatikisa kichwa kukubali. Ikaenda.

Haikujibiwa. Walipiga simu ya Nairobi, ikaita mpaka ikakata. Wakapiga tena, imezimwa. Mkuu wao wa Kigoma, Bwana Castory, alikuwa njiani kuelekea kambi ya Nyarugusu, simu yake haipatikani kabisa. Safina alijaribu ya Iddi. Ilipokelewa, akasikia upepo na watu wengi wanaosema kwa pamoja, sauti ya mdogo wake ikisema, "Dada, meli tunaiona," kisha mtandao ukakata.

"Naenda Kibirizi," Safina alisema.

"Kwa amri ya nani?"

Safina alichukua mtandio wake kitini, akashuka ngazi.

Njiani bodaboda ilikimbia, na yeye akiomba iongeze mwendo. Alikuwa anamwona Iddi. Hakuwa anamwona mtu mwingine, na aliona aibu kwa hilo, kwamba kati ya maelfu yote yale aliyekuwa anamwogopea ni mmoja, mdogo wake, kwenye boti yake yenye mashine ya mkopo. Alijua watu waliokaa siku nyingi juani wakiiona meli hufanya nini. Hawasubiri kuitwa. Huingia majini.

Kibirizi dagaa walikuwa wameanikwa, wachukuzi wanapishana na magunia kichwani. Telesphory, msimamizi wa usafiri wa ufukweni, alikuwa amesimama karibu na maji, simu mkononi. Boti nne zilikuwa zimekwishaondoka kwenda kusini, zimekuwa nukta tu. Nne zilikuwa bado, manahodha wanapakia vitu vyao.

"Telesphory, zizuie!" Safina aliita kabla hata hajashuka vizuri kwenye pikipiki. "Zinakwenda Kagunga. Kagunga kuna boti tatu."

"Tatu? Mimi nimeandikiwa boti zipo."

"Niliandika mimi. Nilikosea."

Telesphory alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazi, mwenye watoto. "Safina, mimi nina maandishi ya Nairobi yanasema niziachilie. Wewe una maandishi gani?"

"Sina. Nimeandika, hajajibu. Yuko kikaoni."

"Basi tumsubiri atoke kikaoni."

"Meli inakaribia kufika! Iddi anaiona!"

Telesphory aligeuza uso kutazama ziwa. Alijua Iddi ni nani. "Mimi siwezi kuwaamuru," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Lakini siwezi kukuzuia kuongea nao. Mkubwa wao ni yule pale."

Yule pale alikuwa Mzee Leonardi, Muha wa makamo mwenye kofia, aliyekomaa kwa jua, mwenye boti mbili kati ya zile nne. Alikuwa anafunga galoni la mafuta kwa kamba. Safina alimwendea, akainama kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Hapo ndipo Safina alipopata jaribu. Kwenye simu yake alikuwa na barua ya Bi. Kirsten, yenye neno boti, neno Kagunga, yenye jina la mkubwa chini yake. Mzee Leonardi hakusoma Kiingereza. Angeweza kumwonyesha kioo na kusema, tazama, Nairobi wamesema mwende. Maneno yalimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini siku ile alikuwa amekwisha kuona maneno yakienda kinyume na ukweli mara mbili, na hofu ya kufanya hivyo kwa mara ya tatu, kwa makusudi, ilimzidi.

"Mzee, hakuna aliyeniruhusu kuja hapa," alisema. "Mliambiwa mwondoke kwa sababu yangu. Mdogo wangu aliniambia boti ni kidogo, mimi nikaandika kwa Kiingereza kwamba boti ni ndogo. Mama wa Nairobi akaelewa kwamba boti za kubebea watu zipo. Hazipo. Mkienda, sijui kama mtapewa mafuta wala chochote. Msipoenda, watu watazijaza zile tatu mpaka zizame."

Manahodha wengine walikuwa wamesogea. Mmoja, kijana mwembamba aitwaye Feliksi, alisema, "Kule kuna kipindupindu. Mtu akikutapikia humo ndani ya boti, unafanyaje?"

"Unaosha mikono, unaosha boti," Mzee Leonardi alisema bila kumtazama. Alikuwa anamtazama Safina. "Kidogo na ndogo," alisema polepole, kama anayaonja. "Kumbe huko kwao ni neno moja?"

"Ni neno moja, mzee. Inategemea limekaa mbele ya nini."

Mzee alitazama maji, akatazama jua. Kisha akafungua ile kamba ya galoni, akaanza kuifunga upya, kwa nguvu zaidi. "Binti yangu ameolewa Rumonge, kule Burundi," alisema. "Sijui kama amevuka au hajavuka. Pandeni."

Boti zake mbili ziliondoka. Feliksi alisimama mchangani akizitazama, akatukana, akaisukuma na yake. Ya nne ilibaki. Safina alipanda ya mzee, wala hakukumbuka kuuliza kama anaruhusiwa.

Safari ile ilikuwa ndefu. Ziwa lilikuwa limetulia, na utulivu wenyewe ulimwogopesha, kwa kuwa haukumpa kitu cha kufikiria zaidi ya kule anakokwenda. Milima ilipita upande wa kulia, kijani, imeinamia maji. Simu ilipoteza mtandao walipopita vijiji vya mwanzo, na hakujua kama Nairobi wamejibu, kama wamekubali au wamekataa, kama ana kazi au hana. Kila alipojaribu kuomba dua, lilimjia neno "boti" likiwa na kitu fulani mbele yake, akachanganyikiwa, akaanza upya. Mzee Leonardi alishika usukani wa mashine. Mara moja tu alimpa kipande cha muhogo wa kuchemsha. Safina alikipokea akakishika mpaka kikapoa, hakukitia mdomoni.

Waliiona meli kwanza, imesimama. Baadaye wakauona ufukwe, na Safina akadhani kwanza ni nguo zimeanikwa mchangani kutoka mwanzo hadi mwisho. Walipokaribia nguo zikawa na vichwa. Watu walikuwa wamejaa kutoka mguuni mwa mlima mpaka ndani ya maji, wengine maji kifuani, wameinua watoto na mafurushi juu. Boti mbili zilikuwa zinatoka kuelekea melini, zimelala majini mpaka ukingo wake hauonekani, watu wamesimama ndani yake kama vijiti kwenye kopo.

Mbili. Alihesabu tena. Ya Iddi haikuwamo.

"Iko wapi ya tatu?" alisema. "Mzee, iko wapi ya tatu?"

Mzee Leonardi alikuwa ameiona kabla yake. Ilikuwa imelala kifudifudi kwenye maji mafupi, tumbo juu, watu wawili wanaivuta kwa kamba.

Safina hakumbuki alivyoshuka. Anakumbuka maji yalikuwa ya vuguvugu, na kwamba alikuwa anaita jina la mdogo wake kwa sauti aliyodhani ni ya mtu mwingine. Watu walimpisha. Iddi alikuwa ameketi mchangani, maji yanamchuruzika, magoti yamekutana na kidevu, anatetemeka ingawa jua lilikuwa kali. Safina akamwangukia, akamshika uso, shingo, mikono, kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka mtini. Alikuwa mzima.

"Sikuwaita wote wale, dada," Iddi alisema. "Niliwaambia kumi na tano. Nikawaambia kwa Kiswahili, nikawaambia kwa Kirundi. Waliposikia meli inapiga honi wakaingia tu. Nilikuwa nimewatoa hatua chache, tukaegemea upande, basi." Akafuta maji usoni. "Wengi wametoka. Maji hayakuwa marefu. Bibi mmoja hakutoka kwa wakati."

Pembeni yao, chini ya mwavuli wa mtu fulani, kulikuwa na kitenge kimefunika kitu kidogo. Msichana wa miaka kama kumi na mbili alikuwa ameketi karibu nacho, ameshika pindo.

"Jana nilikuambia boti ni kidogo," Iddi alisema. Hakuwa anamlaumu, alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kuelewa. "Hukuwaambia?"

"Niliwaambia," Safina alisema. "Niliwaambia vibaya."

Nyuma yao Mzee Leonardi alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, anapiga kelele kwa Kiha, ambacho Warundi walikielewa vizuri, anawapanga watu, wagonjwa kwanza, wenye watoto wachanga wafuate, na kila aliyejaribu kurukia alimshika mkono na kumrudisha kwa upole wa ajabu. Boti tano zikawa zinakwenda na kurudi. Msukumano ulipungua. Watu walipoona kwamba boti inarudi, kisha nyingine inarudi, wakaanza kuketi. Mpaka jioni meli ilikuwa imejaa, na hakuna mwingine aliyezama. Safina alibeba watoto. Alibeba mmoja baada ya mwingine, wengine wamelegea kwa kuharisha, na kila alipoinama kumpokea mwingine aliogopa kutazama upande ule wa mwavuli.

Walipokuwa wanarudi Kigoma na mtandao ukarudi, simu ilitetemeka mkononi mwake kwa muda mrefu. Bi. Kirsten alikuwa ametoka kikaoni na kusoma. "Send them all. Send everything you have." Tuma zote, tuma chochote mlichonacho. Alikuwa ameandika hayo wakati Safina yuko katikati ya ziwa. Chini yake kulikuwa na ujumbe mwingi zaidi, wa kuuliza, wa kumsihi ajibu.

Kesho yake mama yule alipiga simu mwenyewe. Safina aliipokea akiwa amesimama, tayari kwa kufukuzwa.

"Ningepaswa kuuliza boti ni ngapi," Bi. Kirsten alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. "Umekuwa ukiniandikia hivyo kwa miezi, na nimekuwa nikijazia maana mwenyewe. Nilisoma nilichokuwa nataka kusikia. Kuanzia leo hakuna barua inayotoka Kigoma bila tarakimu, na hakuna ninayoijibu bila kuuliza."

Hakumfukuza. Bwana Castory naye aliporudi alimsikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu, akasema Mzee Leonardi na Feliksi watalipwa mafuta yao, na kwamba Safina aende nyumbani apumzike. Lakini Safina hakujisikia kwamba jambo limekwisha. Angefukuzwa, labda angekuwa na kitu cha kulilia. Sasa alikuwa na kiti chake na kompyuta yake. Alimwita Esther asome hata barua ya kuagiza karatasi.

Iddi alikaa nyumbani Ujiji siku kadhaa bila kusema mengi. Mama yao alimpikia ugali na samaki wa migebuka, akala robo. Kisha asubuhi moja akaamka, akasema wamemwazima mashine nyingine, akaenda zake Kagunga. Safina hakumzuia. Alitaka kumzuia.

Watu walioletwa na meli waliwekwa kwanza uwanja wa mpira, mpaka mabasi ya kambini yapatikane. Safina alipelekwa huko kuandikisha familia. Aliifanya kazi ile huku macho yakipita juu ya nyuso zote, akiogopa kuona uso mmoja. Akauona. Yule msichana alikuwa ameketi chini ya jukwaa na mama mmoja jirani yao wa Rumonge, anamsukia mtoto nywele. Alimwona Safina, akasimama, akaja moja kwa moja, kama aliyekuwa anamngoja.

Safina alijua atakachoulizwa. Alikuwa amejitayarishia jibu usiku na mchana, kwa Kiswahili chake mwenyewe, na sasa halikuwepo.

"Ni wewe uliyekuja na zile boti?" msichana aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule wa ziwa, laini.

"Ni mimi."

"Mdogo wangu alipanda ya mzee mwenye kofia. Mama huyu pia." Alimwonyesha yule jirani kwa kidevu. Kisha akaweka mkono wa kushoto juu ya kiwiko cha kulia, akamnyooshea Safina mkono kwa heshima, kama watoto wao wanavyofundishwa. "Murakoze," alimshukuru kwa Kirundi.

Safina aliupokea mkono ule. Ulikuwa mwembamba, una joto. Alifungua mdomo amwambie, na msichana akangoja kwa adabu. Foleni nyuma yao ilikuwa inasogea, mtu akaita jina, mtoto akalia. Safina akapiga magoti kwenye nyasi ili macho yao yalingane.

"Kaa hapa na mimi kidogo," alisema. "Nina jambo la kukueleza kuhusu bibi yako."